Kazi ya kwanza: kijana wa maji kwenye dakrumu, chumba cha giza cha studio ya picha, Kisumu (uzi mrefu)

Msafisha Trei

Waliopitia studio za picha Kisumu, Kakamega au Nakuru miaka ya themanini watakumbuka kwamba kijana mgeni hakuonyeshwa kamera. Alionyeshwa mfereji. Kamera ilikuwa ya mwenye duka, enlaja, ile mashine ya kukuza picha, ilikuwa ya fundi, na mgeni alikuwa kijana wa maji: kuchota, kuchuja, kuosha picha, kuzibandika zikauke, kuzikata. Mshahara mdogo, vidole vyenye harufu ya dawa hadi Jumapili kanisani. Ukipita leo kwenye duka la kuchapa picha ya pasipoti kwa dakika tatu, hutadhani kazi hiyo iliwahi kuchukua nusu siku.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya kitu kimoja. Chukua albamu yoyote ya zamani ya nyumbani. Picha mbili za mwaka mmoja, pengine za studio moja: moja bado ni nyeusi na nyeupe safi, nyingine imegeuka rangi ya chai. Watu husema ni uzee. Si uzee, kwa sababu umri wao ni mmoja. Mara nyingi tofauti ni kijana wa maji wa siku hiyo.

Kazi ilikwenda hivi. Karatasi ikishapigwa mwanga chini ya enlaja huingia kwenye trei ya developa, dawa ya kuitoa picha, dakika moja na nusu hadi mbili, picha ikijitokeza chini ya taa nyekundu. Kisha trei ya maji yenye siki kidogo ili kuizima developa. Kisha fiksa, dakika kumi kwa zile karatasi nzito za zamani. Fiksa ndiyo huyeyusha chembe za madini ya fedha ambazo hazikupata mwanga, ili picha isizidi kuwa nyeusi ikitoka nje. Hapo picha imekamilika machoni pa mteja. Lakini karatasi ile nzito imenyonya fiksa mpaka ndani ya nyuzi zake, na fiksa ina salfa. Isipotolewa, ile salfa hukaa miaka ikila madini ya fedha taratibu mpaka yale meusi yanakuwa kahawia, kisha manjano, kisha uso unapotea.

Kuitoa kunataka saa nzima ya maji yanayobadilika. Na saa nzima ya maji Kisumu, ziwa likiwa pale unaliona lakini mfereji umekauka, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Sekshen 58

Mzee, hapo umegusa penyewe. Ila niongeze la huku Nakuru. Huku maji hayakuwa shida kubwa kama baridi yake. Mwezi wa saba asubuhi maji ya tangi yanaweza kuwa nyuzi 13 au 14. Developa ya karatasi ina dawa mbili zinazosaidiana, na moja yao, haidrokwinoni, kwenye baridi ya namna hiyo hulala kabisa. Unatumbukiza karatasi, dakika mbili zinapita, picha ni ya kijivu kama imepigwa ukunguni. Kijana asiyejua humwambia fundi aongeze mwanga kwenye enlaja. Mwanga ukiongezwa picha inakuwa ya kijivu kizito zaidi, nyeusi halisi haiji. Dawa ni kuweka trei ya developa ndani ya karai la maji ya moto hadi kipimajoto kisome 20.

Fundi Barafu

Sisi wa Kisumu tulikuwa na shida ya kinyume, joto. Maji ya ndoo nyuzi 26 au 27 saa nane mchana. Suluhisho rahisi tu, unatupia vipande vya barafu kwenye developa, inashuka hadi 20, unaendelea na kazi. Na kuhusu kuosha, mnaikuza. Maji ya moto ya Kisumu yanaosha haraka, dakika kumi zinatosha.

Msafisha Trei

Fundi Barafu, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu yatamponza mtu.

Kweli ni hii: maji ya nyuzi 25 husafisha karatasi haraka kuliko maji ya nyuzi 14. Fiksa hutoka kwenye nyuzi upesi zaidi yakiwa na joto kidogo. Kwa hiyo kwenye kuosha, Kisumu tulikuwa na bahati ambayo Nakuru hawakuwa nayo. Lakini dakika kumi kwa karatasi nzito hazitoshi. Dakika chache zinatosha kwa zile karatasi zenye ngozi ya plastiki zilizokuja baadaye, kwa sababu zile hazinyonyi dawa ndani. Aliyezoea hizo akarudi kwenye karatasi za zamani na mkono uleule ndiye aliyetuachia picha za rangi ya chai.

Barafu ndani ya developa, hapana. Barafu ikiyeyuka ni maji, na maji yanapunguza nguvu ya dawa. Ukitupia robo lita ya barafu kwenye lita moja, dawa yako sasa ni nyingine na jedwali lako la dakika halina maana tena. Barafu inawekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, au chupa ya dawa inakalishwa ndani ya karai lenye barafu. Na studio isiyo na friji ilitumia mtungi wa udongo wa kawaida. Maji yaliyolala kwenye mtungi sehemu yenye upepo hupoa nyuzi kadhaa chini ya hewa.

Kwenye filamu ndiko joto lilikouma hasa. Chukua filamu nyeusi na nyeupe ya HP5 kwenye developa ya D-76. Kwa nyuzi 20, dawa ikiwa nzima bila kuchanganywa maji, ni dakika 7 na nusu. Kwa nyuzi 24 inashuka hadi kama 5 na nusu. Ikifika 27 uko kwenye dakika 4 na kidogo, na hapo sekunde ishirini za kuzubaa wakati wa kumimina zinaonekana kwenye picha: upande mmoja wa negativu, yaani filamu iliyokwisha kutolewa picha, mzito, mwingine mwepesi, mbingu ina mistari. Mafundi wa Kisumu waliojua kazi hawakupigana na joto, waliichanganya D-76 sawa kwa sawa na maji. Kwa nyuzi 20 hiyo ni dakika 11, kwa 24 ni kama 8. Umepata muda wa kutosha wa kumimina na kutikisa bila haraka. Dawa hiyo unaitumia mara moja na kuimwaga, hairudi kwenye chupa.

Kijana wa Kaptembwo

Shikamooni wazee. Nina mashine ya kuchapa na nataka kufungua duka la pasipoti karibu na chuo. Mnasema nitumie maji ya nyuzi ngapi? Na picha zangu zinatoka na wekundu usoni, ni ile taa nyekundu?

Sekshen 58

Marahaba. Kijana, huku tunaongelea karatasi za dawa, si mashine ya wino. Yako haitaki maji hata tone, yaweke mbali nayo. Wekundu usoni angalia kwanza kama tundu moja la wino wa samawati limeziba, chapa ile karatasi ya majaribio ya rangi utaona mistari iliyokatika. Taa nyekundu ilikuwa yetu kwa sababu karatasi ile haikuona rangi nyekundu. Filamu iliiona, ndiyo maana filamu ilifunguliwa gizani kabisa.

Nyar Kondele

Nimesoma nikaenda kufungua sanduku la mama. Kuna picha ya harusi ya wazazi wangu, 1984, ilipigwa studio mjini Kisumu. Picha nzito, ina mng'aro kama kioo, nyuma kuna muhuri wa studio ambao hausomeki tena. Sasa hivi iko hivi: kingo za pembeni ni manjano, katikati bado wanaonekana lakini gauni la mama limekuwa rangi ya maziwa ya chai. Halafu upande wa juu kuna doa kama la zambarau iliyochafuka. Je, hiyo ni maji ya kijana au ni nyumba yetu ilivuja?

Msafisha Trei

Dada, asante kwa kueleza vizuri. Inaonekana una makosa mawili kwenye picha moja, na yanatofautishwa hivi.

Ule umanjano uliotanda kwenye gauni na kingo unaelekea kuwa wa kuosha. Angalia nyuma ya picha: kama karatasi yenyewe nayo ina umanjano uliosambaa, fiksa ilibaki ndani. Sehemu zenye weusi mwepesi hufa kwanza, kwa sababu pale chembe za madini ya fedha ni chache na ndogo. Mikunjo ya gauni jeupe ni weusi mwepesi sana, kwa hiyo ndiyo hupotea mbele ya suti ya baba.

Doa la zambarau ni kitu kingine. Hapo fiksa haikufika vizuri. Ama picha mbili zilishikana kwenye trei ya fiksa, ama fiksa yenyewe ilikuwa imechoka. Chembe zilizopaswa kuyeyuka zilibaki, na kila mwanga ulioipata picha ukutani umekuwa ukizigeuza rangi. Kama kingo za doa zina umbo lililonyooka, kama kona ya karatasi nyingine, basi picha ilifunikwa na mwenzake. Kama halina umbo, fiksa ilichoka.

Maji ya mvua yangeacha mstari, kama pwani, mahali yalipoishia kukauka. Ukiuona huo, basi na paa nalo lina lake.

Studio makini zilizuia kosa la pili kwa kutumia trei mbili za fiksa badala ya moja. Picha inakaa dakika tano ya kwanza, tano ya pili. Ya kwanza inabeba uchafu wote, ya pili inamalizia ikiwa karibu safi. Ya kwanza ikichoka inamwagwa, ya pili inapanda kuwa ya kwanza, na mpya inawekwa nyuma yake. Kujua imechoka ni rahisi: kata kipande cha filamu ambayo haijatiwa developa, kitupe ndani. Kwenye fiksa mpya ule ukungu wa maziwa unaondoka baada ya muda fulani, uandike. Siku ukungu huo ukichukua muda mara mbili ya huo, mwaga fiksa.

Mwalimu Mstaafu

Naomba kuuliza kama mtu wa nje. Wakati ule mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa, kila mtoto anataka picha za pasipoti, foleni hadi barabarani. Maji hakuna mferejini. Huyo kijana angefanya nini hasa? Msituambie saa nzima ya maji yanayotiririka, hayakuwepo.

Msafisha Trei

Mwalimu, swali zuri, na hapo ndipo kazi ilipokuwa na akili yake.

Kwanza, kutiririka si lazima. Kinachotakiwa ni maji kubadilika. Picha ishirini kwenye karai moja chini ya mfereji ulio wazi zinaweza kukaa saa nzima na zisioshwe, kwa sababu zimeshikana na maji yanapita juu yao tu. Tena fiksa ni nzito kuliko maji, inazama chini. Mfereji ukimwagia juu na maji kumwagikia ukingoni, chini kumebaki supu ileile.

Kwa ndoo tatu kijana mwenye maarifa alifanya hivi. Suuza ya kwanza ya haraka, maji kidogo, yamwagwe yote: hayo yanaondoa fiksa ya juujuu ambayo ndiyo nyingi. Kisha bafu ya sodiamu salfaiti, gramu 20 kwa lita moja ya maji, dakika mbili au tatu huku anazigeuza. Chumvi hiyo ilipatikana, kwa kuwa mafundi waliochanganya developa wenyewe walikuwa nayo. Inailegeza fiksa kutoka kwenye nyuzi. Baada ya hapo maji mara sita, dakika tano kila mara, picha zinageuzwa moja moja kutoka chini kwenda juu kama mtu anayechanganya karata, na kila mara karai linamwagwa hadi tone la mwisho. Maji ya mara ya tano na sita ni karibu safi, yanatunzwa kwa suuza ya kwanza ya kundi linalofuata.

Kosa lililoharibu kazi siku za foleni ni dogo. Picha kumi zimefika mara ya tano, mteja wa haraka anatokea, picha yake inatolewa kwenye fiksa na kutumbukizwa kwenye karai lilelile. Hapo zote kumi na moja zimerudi mwanzo. Mteja wa haraka alitaka karai lake.

Na kulikuwa na kipimo. Chembe ndogo ya pamanganeti kutoka kwa duka la dawa, ikoroge kwenye maji hadi yawe waridi hafifu. Inua picha, acha maji yake yadondoke humo. Waridi ukipotea haraka, fiksa bado imo. Lakini maji ya ziwa yana uchafu wa mimea ambao nao huua ule waridi, kwa hiyo lazima kuwe na glasi ya pili yenye matone ya maji matupu ya mfereji. Unalinganisha glasi mbili, husomi moja peke yake.

Fundi Barafu

Nakubali la plastiki kwenye barafu. Lakini kuhusu mng'aro wa picha ya dada, hapo nami najua. Ule mng'aro haukutoka kwenye dawa. Picha ilibandikwa ikiwa na maji, uso chini, kwenye bati la kromu linalong'aa, ikakandamizwa na rola, ikapashwa moto. Ikikauka inaruka yenyewe na sauti ya tak. Bati likiwa na alama ya kidole au hewa ikibaki katikati, panatokea duara lisilong'aa kama gamba la samaki. Na ole wa aliyebandika karatasi ya plastiki kwenye bati lile la moto. Iliyeyuka ikashika, na bati likaharibika.

Sekshen 58

Hilo ni kweli tupu. Ongeza kwamba bati chafu lilichafua picha safi. Picha ambayo haikuoshwa vizuri iliacha fiksa kwenye kitambaa cha kukandamizia, na kitambaa kikaipa picha ya mtu mwingine. Kitambaa kilitakiwa kufuliwa kila wiki. Kilifuliwa wapi! Ndiyo maana wakati mwingine umanjano unaanzia mgongoni mwa picha ambayo kijana aliiosha vizuri kabisa.

Nyar Kondele

Kwa hiyo pengine tunamwonea kijana wa watu. Basi niambieni, naweza kuiosha upya sasa?

Sekshen 58

Mimi ningeiosha. Maji ya baridi kiasi, salfaiti, maji tena. Ikiwa fiksa bado imo, kila mwaka inazidi kula.

Msafisha Trei

Mimi nisingeigusa na maji. Kilichogeuka kahawia hakirudi kuwa cheusi kwa kuoshwa, na utando wa picha wa miaka arobaini unaweza kuvimba na kubanduka, hasa kama kuna ukungu ulioanza kuula. Ukibanduka, hata hicho kidogo umekipoteza. Kama ni lazima, jaribu kwanza na picha nyingine ya wakati ule isiyo na thamani, kutoka studio hiyohiyo ukiipata.

Fanya hivi kabla ya lolote. Itoe kwenye fremu au albamu ya gundi, lakini ikiwa imeshika usiivute. Ipige picha kivulini karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba nayo, bila taa ya simu kwa sababu ule mng'aro utarudisha mwanga. Afadhali zaidi skana. Ihifadhi ikiwa ya rangi, usiigeuze nyeusi na nyeupe papo hapo. Kisha kwenye programu ya kurekebisha picha, itenganishe rangi tatu uangalie ile ya bluu peke yake. Umanjano huzuia mwanga wa bluu, kwa hiyo mikunjo ya gauni ambayo jicho haliioni tena mara nyingi bado imo kwenye sehemu hiyo, na inaonekana nyeusi. Doa la zambarau litabaki, hilo ni la kurekebisha kwa mkono.

Sekshen 58

Kwenye bluu nakuunga mkono. Kwenye kuosha hatutakubaliana leo.

Mwalimu Mstaafu

Na negativu? Studio zilikuwa zinabaki nazo. Zikipatikana si mnachapa upya?

Msafisha Trei

Zikipatikana, ndiyo, tena mara nyingi ziko katika hali nzuri kuliko picha, kwa sababu filamu haina nyuzi za kunyonya fiksa na huoshwa haraka. Shida ni mahali zilipolala. Studio nyingi ziliziweka kwenye makopo na bahasha za karatasi, mtaa una joto na unyevu. Fungua kopo unuse. Harufu ya siki ikikupiga, ile plastiki ya filamu imeanza kuoza, na haiponi. Zitoe kwenye kopo, zitenge na nzima, ziskaniwe hizo kwanza. Zikiwa zimeshikana msizitenganishe kwa kucha.

Dada, ule muhuri wa nyuma usiosomeka: uelekezee tochi kutoka pembeni kabisa, karibu usawa wa karatasi. Kama uligongwa kwa nguvu, umeacha mbonyeo.

Nyar Kondele

Nimejaribu na tochi. Kuna namba nne na neno "Oginga". Naona ni barabara ya Oginga Odinga, na zile namba huenda ni za negativu. Jumamosi nitashuka mjini niulize wenye maduka wa zamani.